Milioni 12 za mwakani au milioni 10 za leo: hesabu ya shamba la mikorosho Newala

Mama mmoja wa Newala anauza shamba la mikorosho 120. Mikorosho imepandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kwa hiyo ni shamba la ekari nne na kidogo. Mwezi ni Novemba, minada inaendelea, na watu wana hela mkononi. Wanunuzi ni wawili. Wa kwanza ana shilingi 10,000,000 taslimu, tayari kulipa wiki hii. Wa pili anasema, "Mama, bei ni ileile, milioni 10, ila nitakulipa Novemba ijayo nikishauza korosho. Shamba niingie sasa hivi ili palizi isinipite."

Familia ikikaa kikao, wengi husema wanunuzi hawa wanalingana, maana bei ni moja. Wazee husita, lakini ukiwauliza sababu watakwambia tu kwamba ahadi si pesa. Wazee wako sahihi, ila sababu yao ni nusu ya jambo. Hata kama mnunuzi wa pili ni mtu wa kuaminika kabisa, hata kama malipo yake ni ya uhakika kama jua kuchomoza, milioni 10 zake bado ni ndogo kuliko milioni 10 za mwenzake. Ni ndogo kwa kiasi gani? Swali hilo lina jibu la shilingi kamili, na jibu linapatikana kwa kikokotoo cha simu. Takwimu zote za kisa hiki tumeziweka sisi ili hesabu ionekane. Anayeuza shamba lake ataweka zake.

Tuanze na jambo ambalo wengi huliruka: pesa ya leo itafanya nini kwa mwaka mmoja? Jibu halitafutwi hewani, liko kwenye maisha ya muuzaji mwenyewe. Mama huyu anadaiwa na chama cha akiba na mikopo shilingi 4,000,000. Mkopo unatakiwa kulipwa kwa mkupuo mmoja Novemba ijayo, na riba yake ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani 720,000. Akilipa leo, chama kinamsamehe riba hiyo yote. Hana deni jingine. Pesa itakayobaki, milioni 6, anataka kuiweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu mpaka mwakani, aje aezeke nyumba. Benki inampa asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni 480,000, na hapo inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 48,000. Kinachomfikia ni 432,000, sawa na asilimia 7.2.

Sasa jumlisha. Milioni 4 zilizolipa deni zimemwokolea 720,000. Milioni 6 za benki zimemzalia 432,000. Kwa hiyo milioni 10 za leo, mikononi mwa mama huyu, Novemba ijayo zitakuwa zimefanya kazi ya 11,152,000. Ongezeko ni 1,152,000, sawa na asilimia 11.52 ya milioni 10.

Asilimia hiyo 11.52 ndiyo moyo wa hesabu yote. Wataalamu wa fedha huiita kiwango cha kupunguzia, kwa sababu ndiyo inayotumika kupunguza pesa ya baadaye ili ijulikane ingekuwa kiasi gani leo. Kiasi hicho cha leo ndicho thamani ya sasa. Kanuni yake ni fupi: chukua pesa utakayopokea baadaye, igawe kwa moja jumlisha kiwango. Kwa miaka zaidi ya mmoja unagawa tena na tena, mara moja kwa kila mwaka.

Kwa ahadi ya milioni 10 za Novemba ijayo, andika kwenye simu 10,000,000 gawanya kwa 1.1152. Jibu ni 8,967,000 na chenji. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa pili aliposema "bei ni ileile" alikuwa anaomba apunguziwe shilingi 1,033,000. Huenda hata yeye mwenyewe hakujua. Akitaka kweli kulingana na mwenzake, inabidi Novemba alete 11,152,000. Chini ya hapo mama anampa punguzo, na ni vizuri ajue kwamba anampa.

Hapa watu hukosea kwa namna tatu, na kila moja ina gharama yake.

Kosa la kwanza ni kutoa asilimia badala ya kugawa. Tuseme ahadi ni milioni 12 za mwakani: mtu anakata asilimia 11.52 juu yake, anapata 10,618,000, anaridhika. Jaribu kuirudisha: 10,618,000 zidisha kwa 1.1152 unapata 11,841,000, haifiki 12,000,000. Sababu ni kwamba riba huzaliwa na pesa ya leo, wakati wewe umeikata kwenye pesa ya mwakani ambayo ni kubwa zaidi. Ukigawa unapata 10,760,000, na hiyo ukiizidisha kwa 1.1152 inarudi milioni 12. Tofauti hapa ni kama 142,000, lakini kwa kiwango kikubwa au miaka mingi kosa hili linaharibu hesabu nzima. Njia ya kujikagua ni hiyohiyo: jibu lako likizidishwa lisiporudi kwenye ahadi, umekosea.

Kosa la pili ni kudhani kinachopunguza pesa ya mwakani ni kupanda kwa bei za vitu tu. Mfumuko wa bei Tanzania mwaka 2024 ulikuwa kama asilimia 3. Mama angetumia asilimia 3 peke yake, ahadi ya milioni 10 ingeonekana ina thamani ya 9,709,000, na angejiona amepoteza chini ya laki tatu. Lakini hata bati lisingepanda bei hata senti moja, deni lake lingekula 720,000 vilevile. Pesa ya leo ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo inayohesabiwa. Wengine wanakwenda upande wa pili: wanachukua asilimia 18 ya mkopo kisha wanaongeza asilimia 3 ya mfumuko juu yake. Hapo wamehesabu jambo moja mara mbili, maana mkopeshaji alipopanga asilimia 18 tayari alishaangalia kupanda kwa bei.

Kosa la tatu ndilo linalotuuma zaidi tunapoliona, kwa sababu linatokana na kutokuuliza. Ni kudhani kwamba kulipa deni mapema kunafuta riba. Wapo wakopeshaji wanaodai riba yote ya mwaka hata ukilipa kesho. Kama chama cha mama kingekuwa hivyo, milioni 4 zisingemwokolea chochote kwa kuwahi. Ingekuwa afadhali aziweke benki na zenyewe, alipe siku ikifika. Kiwango chake kingeshuka kutoka 11.52 hadi 7.2, na milioni 12 za mwakani zingekuwa na thamani ya 11,194,000 leo badala ya 10,760,000. Zaidi ya laki nne zinabadilika kwa swali moja la kumuuliza karani wa mikopo: "Nikimaliza leo, nalipa kiasi gani?" Ulizia kabla ya kikao cha familia, na jibu lipatikane kwa maandishi.

Turudi kwa mnunuzi wa pili. Alipoona mama anasita, alipandisha: "Basi mama, Novemba nitakuletea milioni 12." Mtoto wa kwanza wa mama akasema chukua, hizo milioni mbili za juu ni za bure.

Si za bure, na ni vizuri kuona zinatoka wapi. Mikorosho 120, tuseme kila mmoja unatoa kilo 10, ni kilo 1,200. Kwa bei ya 2,500 kwa kilo inayofika mkononi ni shilingi 3,000,000. Toa palizi, salfa na kazi ya kupuliza, kuokota na kutenganisha korosho na mabibo, magunia na usafiri wa kufika ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, tuseme 1,200,000 kwa jumla. Inabaki 1,800,000. Mnunuzi anaingia shambani leo, anavuna msimu ujao, kisha analipa. Katika zile milioni mbili za "bure", milioni moja na laki nane zimeangushwa na mikorosho ya mama mwenyewe. Mnunuzi angekubali kuingia shambani siku ile tu atakapomaliza kulipa, mavuno yangekuwa ya mama na angepata jumla ya 13,800,000, ambayo leo ina thamani ya 12,374,000. Siku ya kuingia shambani kwa hiyo ina bei yake, na mara nyingi kwenye mazungumzo hutolewa bure kwa sababu hakuna aliyeipigia hesabu.

Hata hivyo tuwe wakweli: milioni 12 zikija kwa uhakika na kwa siku yake, zinashinda. Thamani yake ya sasa, 10,760,000, inazidi milioni 10 za taslimu kwa 760,000. (Ukipenda usahihi zaidi, tenganisha: 4,720,000 za kwanza zinafuta deni ambalo leo lingefutwa kwa milioni 4, na 7,280,000 zilizobaki zigawe kwa 1.072. Utapata 10,791,000. Tofauti ni ndogo na haibadilishi uamuzi.) Anayesema pesa ya leo ni bora daima, hata iwe kidogo namna gani, naye amekosea sawa na anayesema zote ni sawa. Kuna kiasi cha mwakani ambacho kinazidi cha leo, na kwa mama huyu mstari unapita kwenye 11,152,000.

Lakini hiyo yote ilikuwa kwa dhana kwamba analipwa kwa hakika. Mnunuzi wa pili atalipa kwa korosho, na korosho ina njia nyingi za kumwangusha mtu. Ugonjwa wa ubwiriunga ukishika maua na salfa ikachelewa kupulizwa, mavuno yanashuka. Mvua ikinyesha wakati wa maua ni hivyohivyo. Bei ya mnada nayo haina mwenyewe. Na hata korosho ikiwa nyingi na bei ikiwa nzuri, malipo yanaweza kuchelewa. Wana Mtwara na Lindi wanakumbuka msimu wa 2018/19, serikali ilipotangaza Novemba 2018 kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wapo waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Kwa mkulima mwenye deni la asilimia 18 kwa mwaka, 3,300 inayofika miezi 8 baadaye ni sawa na kulipwa kama 2,955 siku ya kupima. Hakuna aliyegusa bei. Muda wenyewe umeila.

Mama anaweza kupima ucheleweshaji kabla haujatokea. Tuseme mnunuzi anachelewa miezi mitatu, analipa Februari badala ya Novemba. Muda ni miezi 15, sawa na mwaka mmoja na robo. Kwenye kompyuta au simu yenye jedwali la hesabu, andika:

```
=12000000/(1+0.1152)^(15/12)
```

Jibu ni 10,471,000. Miezi mitatu imemlia kama 289,000, lakini bado ziko juu ya milioni 10. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakumfilisi. Kitakachomuumiza ni kutolipwa.

Hatari ya kutolipwa watu huishughulikia kwa kupandisha kiwango: badala ya 11.52 wanaweka 25 au 30, basi. Si vibaya, ila ni vigumu kujua umepandisha kiasi gani na kwa nini. Kwa uamuzi wa mara moja kama huu, tunaona ni wazi zaidi kuuliza swali lililogeuzwa: uhakika wa kulipwa ushuke mpaka wapi ndipo taslimu iwe bora? Gawa 11,152,000 kwa 12,000,000. Unapata 0.929. Yaani, kama watu 100 wa aina ya mnunuzi huyu wangetoa ahadi kama hii, na 93 au zaidi wakalipa, ahadi inamfaa mama. Wakilipa pungufu ya hapo, achukue milioni 10 zake aondoke.

Sasa mama hahitaji kubuni takwimu, anahitaji kumjua mtu. Je, mnunuzi ana kipato kingine zaidi ya korosho? Amewahi kununua shamba kwa ahadi, na aliyemuuzia anasemaje? Anadaiwa wapi? Kwenye kijiji mambo haya yanajulikana. Mtu anayetegemea msimu mmoja wa korosho kulipa milioni 12, wakati shamba lenyewe linatoa milioni 1.8, atatoa wapi zile nyingine zaidi ya milioni 10? Kama hana jibu linaloshikika, ni vigumu kumweka kwenye fungu la 93 kati ya 100. Kwa ahadi hii kama ilivyo, sisi tungemshauri mama achukue taslimu.

Lakini wanunuzi hawalazimiki kubaki na maneno yao ya kwanza. Ukiangalia tena hesabu utaona kwamba shilingi za mama hazina njaa sawa. Milioni 4 za kwanza zina kazi ya asilimia 18. Zinazofuata zina kazi ya asilimia 7.2 tu. Kinachomuumiza kusubiri ni zile nne, nyingine zinaweza kungoja kwa gharama ndogo. Kwa hiyo dai lake kwa mnunuzi wa pili liwe hivi: "Baba, nipe milioni nne na nusu leo, na milioni saba Novemba."

Jumla ni milioni 11.5, laki tano pungufu ya alichoahidi mwenyewe, na hicho ndicho kitakachomvutia mnunuzi. Upande wa mama, 4,500,000 anazipokea leo, deni linakwisha, laki tano zinakwenda benki. Milioni 7 za mwakani sasa anazigawa kwa 1.072, si 1.1152 tena, kwa sababu hana deni ghali linalosubiri. Anapata 6,530,000. Jumla ya thamani ya sasa ni 11,030,000. Ahadi ndogo zaidi kwa maneno imekuwa kubwa zaidi kwa thamani kuliko ile ya milioni 12, na kuliko taslimu ya milioni 10.

Hatari nayo imepungua. Novemba ijayo milioni 4.5 za leo zitakuwa zimefanya kazi ya 5,256,000: deni la 4,720,000 limekwisha, na laki tano zimekuwa 536,000. Ili kufikia 11,152,000 za mnunuzi wa taslimu kunabaki 5,896,000 tu. Gawa kwa 7,000,000, unapata 0.842. Sasa inatosha wanunuzi 85 kati ya 100 kulipa, badala ya 93. Na hapo tumehesabu kana kwamba asiyelipa anaondoka na kila kitu, shamba na pesa. Mkataba ukiandikwa vizuri haiwi hivyo.

Namna ya kuuandika inaingia moja kwa moja kwenye hesabu, kwa sababu kila kipengele kinachopunguza hasara ya kutolipwa kinaongeza thamani ya zile milioni 7. Umiliki usihamishwe mpaka shilingi ya mwisho. Kama ni ardhi ya kijiji, makubaliano yapitie halmashauri ya kijiji, na yaseme wazi kwamba mnunuzi anatumia shamba lakini si lake mpaka amalize. Korosho za msimu huo zipimwe AMCOS kwa jina la mama, maana shamba bado ni lake, na malipo ya mnada yaingie kwenye akaunti yake ya benki yakihesabiwa kama sehemu ya milioni 7. Kwa mavuno tuliyokadiria, milioni 3 zinapita mkononi mwake kabla mnunuzi hajazigusa. Gharama za palizi na salfa ni za mnunuzi, ambaye ana sababu zote za kulitunza shamba analotaka liwe lake. Kinachobaki kutegemea neno lake ni milioni 4.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa uchungu zaidi, kwa sababu linatokea kila mwaka kuanzia Machi, ghala la nyumbani linapokuwa tupu. Ni kangomba. Mkulima anauza korosho ambazo bado ni maua, au hata maua hayajatoka, kwa mtu atakayekuja kuzichukua Novemba. Tuseme anapewa 1,200 kwa kilo ambayo sokoni itamletea 2,500. Anayemtetea mnunuzi wa kangomba husema pesa ya leo ina thamani kuliko ya kesho. Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Kutoka 1,200 kwenda 2,500 kwa miezi 8 ni riba ya zaidi ya asilimia 108. Mkulima huyohuyo akikopa 1,200 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, Novemba atalipa 1,344, auze kilo yake mnadani, na abaki na 1,156. Hesabu ya thamani ya sasa inamlinda anayesubiri kulipwa, na inamlinda pia anayeuza kesho yake kwa bei ya kutupa. Kanuni ni moja, upande tu ndio umegeuka.

Ni hivyohivyo kwa mwenye mkopo wa kausha damu wa asilimia 10 kwa mwezi. Asipolipa na riba ikageuka kuwa deni, kila shilingi 1,000,000 inakuwa kama 3,138,000 baada ya miezi 12. Kwa mtu huyo, milioni moja ya mwakani ina thamani ya 319,000 leo. Kama mama wa kisa chetu angekuwa na deni la namna hiyo, tusingezungumza habari ya milioni 12 hata kidogo. Angechukua taslimu siku hiyohiyo, hata wangempa milioni 8. Ndiyo maana hakuna kiwango kimoja kinachofaa watu wote wa kijiji. Ushauri wa jirani aliyekubali ahadi mwaka jana na ikamlipa hauna uzito kama hujui jirani alikuwa anadaiwa nini.

Kipengele cha mwisho kwenye mkataba wa mama ni tarehe. Watu huandika "baada ya msimu", na msimu hauna siku. Minada inaweza kuanza Oktoba na kuendelea mpaka mwaka mpya, malipo yanafuata kwa siku au kwa wiki, na mwenye "baada ya msimu" anaweza kulipa Machi bila kuvunja neno lake. Iandikwe tarehe 30 Novemba, na mwaka utajwe. Kisha iandikwe gharama ya kila mwezi utakaozidi. Kwa mama huyu, asilimia 7.2 kwa mwaka ni asilimia 0.6 kwa mwezi, na kwa milioni 7 hiyo ni shilingi 42,000. Hiyo ndiyo hasara yake halisi kila mwezi, na chini ya hapo anamkopesha mnunuzi bure. Akitaka mnunuzi awe na sababu ya kuharakisha, aweke 70,000, na malipo ya AMCOS yakiingia kabla ya tarehe, salio lihesabiwe upya ili faini ishuke nalo.